Rasimu tano za taabini: shajara ya kusahihisha

Jumatatu, saa tatu usiku. Rasimu ya kwanza

Mwana wa kaka yangu amechaguliwa na wajukuu wenzake asome taabini ya bibi yao siku ya Ijumaa. Bibi yao ni mama yangu. Amenitumia alichoandika, na juu yake ujumbe mfupi: "Shikamoo Shangazi. Naomba unisahihishie Kiswahili, wazee watakuwepo." Nimemjibu marahaba, kisha nimekaa na karatasi mapajani kwa muda kabla ya kushika kalamu. Nimefundisha somo hili miaka 28 na sijawahi kusahihisha insha inayomhusu mama yangu.

Shajara hii naiandika kwa ajili yake. Kijana huyu ana tabia nzuri ya kuuliza "kwa nini" kila nikimkata, na najua wiki hii sitakuwa na sauti ya kueleza jambo moja mara mbili.

Rasimu ina maneno 870. Dakika alizopewa ni tano. Nimejipima mwenyewe kwa kusoma mbele ya ukuta: mtu anayesoma kwa utulivu, anayesimama kumeza mate na kungoja watu waliolia watulie, hafiki maneno mia moja kwa dakika. Kwa hiyo tunatafuta maneno 450 hivi, na karibu nusu ya alichoandika itaondoka hata kabla ya kugusa sarufi. Hilo halinitishi, maana nusu yenyewe si taabini. Ni wasifu: amezaliwa lini, amesoma wapi, ameugua nini, amelazwa siku ngapi. Wasifu wa marehemu atausoma kaka yangu, na humo ndimo zinamokaa tarehe. Taabini inasema marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na anayeitoa anasema kwa kinywa chake. Vikisomwa vyote viwili na vikawa na tarehe zilezile, watu wataanza kutazama saa.

Nainakili hapa aya yake ya kwanza kama ilivyo, kwa kuwa ndiyo nitakayofuatana nayo hadi mwisho:

"Bibi yetu mpendwa amekufa akiwa kikongwe wa miaka 93. Tumekuja hapa kumwaga Bibi kwa mara ya mwisho. Maisha yake ilikuwa ndefu na yenye mafunzo mengi. Bibi alimuoa Babu wakiwa vijana na ameacha watoto saba, wajukuu 23 na vitukuu vyake tisa. Bibi huamka alfajiri kabla ya kila mtu na kushona. Mikono yake zilitulea, upendo wake na huruma yake ilitufikia wote. Kama wahenga walivyosema, kufa kufaana, basi tushikamane. Mungu amlaze roho yake mahali mwema peponi."

Hakuna sentensi iliyosalimika. Lakini cherehani ipo, na alfajiri ipo. Kijana alikuwa anamtazama bibi yake.

Jumanne, asubuhi. Neno la kwanza

"Amekufa." Nimelikata kwanza, kisha nikajiuliza kwa nini.

Kufa si tusi. Ni neno letu la asili, na leo tangu asubuhi watu wanatuita "wafiwa" kwa heshima zote, nalo limezaliwa na kufa hilohilo. Tofauti ni kwamba katika kufiwa anayetajwa ni aliyebaki, na tendo limemfikia kwa pembeni. Katika "Bibi amekufa" hakuna kinachosimama kati ya mama yangu na tendo. Ndivyo tunavyosema kuku amekufa na betri imekufa. Mjukuu akisema hivyo juu ya mtu wa miaka 93, mbele ya rika la marehemu, wazee watainamisha macho na hakuna atakayemwambia kwa nini.

Nimempigia simu nikampa maneno matatu achague. "Kufariki" asili yake ni kuachana, ndiyo maana tunasema kufariki dunia: mtu ameachana na dunia. Ni neno la kumbukumbu, linafaa wasifu. "Kuaga dunia" ni pole zaidi, lakini kwenye aya hiihii tuna kuaga kwingine na yatagongana. "Ametutoka" limebeba "-tu-" ndani yake, sisi tumo. Amechagua la tatu bila kusita, nami ndilo ningelichagua.

Ukurasa wa pili alikuwa ameandika "Bibi alikata roho nimemshika mkono". Hapo sikumpa la kuchagua. Kukata roho kunaonyesha mwili unavyohangaika, ni neno la chumbani. Tumeandika "Nilikuwa nimemshika mkono alipotutoka", na mkono umebaki. Mahali pengine palikuwa na "alipoteza maisha". Hiyo ni lugha ya taarifa za ajali.

Akauliza: "Shangazi, niandike hayati badala ya marehemu? Si ni la heshima zaidi?" Marehemu ni aliyerehemiwa, na mwanadamu yeyote aliyefariki anastahili neno hilo. Hayati limetokana na uhai, na kwa mazoea tunawapa viongozi na watu mashuhuri ambao jina lao linaendelea kutajwa kama wapo. Likitumika nyumbani linasikika kama mjukuu anampandisha bibi yake jukwaani. Hata marehemu lenyewe alikuwa amelitumia mara kumi na moja. Nimeacha moja, mwanzoni kabisa, kwingine kote ni Bibi kwa herufi kubwa, kama jina. Jina lake halisi litatajwa mara moja kwenye wasifu, likitanguliwa na "Bi". Mjukuu halitaji.

Halafu "kikongwe". Kijana alidhani nitamwambia "ki-" ni dharau, na dhana hiyo inasambaa, kwa hiyo nimemweleza vizuri. Kiongozi ana "ki-", kijana ana "ki-", na hakuna aliyetukanwa. "Ki-" hudunisha pale ambapo lipo neno la hadhi upande wa pili na wewe umeliacha: mtu na kijitu, mzee na kizee. Shida ya kikongwe ni kwamba kinautaja uchakavu wa mwili kabla ya kumtaja mwenye mwili. Ajuza ni baya zaidi, lina harufu ya uchawi wa hadithini. Tumeandika "aliyejaliwa miaka 93". Kujaliwa kunaugeuza umri kuwa kitu alichopewa, na kwa mama yangu ndivyo ulivyokuwa.

Jumanne, jioni. Kumwaga

Hili limenichekesha, mara yangu ya kwanza kucheka tangu Jumapili.

"Tumekuja hapa kumwaga Bibi." Kijana hakukosea kanuni. Kiambishi "-mu-" kikikutana na irabu hugeuka "-mw-": kumwita, kumwambia, kumwandikia. Kwa kanuni hiyo "kumu" na "aga" huzaa "kumwaga". Bahati mbaya kumwaga tayari ni neno lingine, na sentensi inasomeka kama tumekuja kummimina mama yangu chini. Magazeti huandika "kumuaga" kukwepa ajali hiyo, na ni sawa. Lakini msomaji mwenye haraka na machozi bado anaweza kuteleza, na nimemsikia mtu mzima akiteleza hapohapo mbele ya watu.

Nimependekeza "kuagana na Bibi". Kiambishi "-an-" huhitaji pande mbili. Mama aliaga kwa namna yake wiki iliyopita: alituita mmoja mmoja. Kwa hiyo neno hilo ni sahihi kuliko kumuaga, si salama tu. Kwaheri haikuwemo, nashukuru. Mwishoni atasema buriani, neno la kuagana kwa kutakana radhi.

"Bibi alimuoa Babu" nimelisahihisha bila maelezo marefu. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na wote wawili huoana. Kijana amesema vijana wa siku hizi wanasema "alimuoa" pande zote mbili. Wanasema. Wazee wa Ijumaa hawatasikia usawa hapo, watasikia kosa, na watakuwa wameikosa sentensi inayofuata. Amekubali, akaniambia angependa "waliooana", nami nikasema hiyo ni nzuri kuliko yangu.

Jumatano, mchana. Rasimu ya tatu, upatanisho

Kazi ndefu ya leo. Makosa yake ya upatanisho si ya kubahatisha, yana mtindo: kila kisicho mtu amekivika "i-" au "zi-". Maisha *ilikuwa ndefu*, mikono *zilitulea*, maneno yake *ambazo*. Hiyo ni lugha ya mtaani anayozungumza na wenzake siku nzima, na huko inaeleweka. Dawa yake haikuwa kumsomesha ngeli zote kwa siku moja. Nimemwambia achukue kila jina lililomo, aliweke "-ake" mbele yake kwa sauti, kisha asikilize. Maisha y-ake, kwa hiyo yalikuwa, marefu. Mikono y-ake. Hapo alisimama: "Shangazi, na huruma ni yake, mbona huruma inakuwa *ilitufikia*, na mikono ni yake pia?" Swali zuri. "Yake" inatokea katika ngeli kadhaa na haitoshi peke yake kama kipimo. Ikitokea "yake", rudi kwenye umoja: mkono, mikono, basi ni "i-", ilitulea. Huruma haina umoja mwingine, "i-". Neno, maneno, "ya-". Maisha hayana umoja unaotumika, lakini "ma-" yake iko wazi na inavuta "ya-". Kwa kipimo hicho amesahihisha mwenyewe makosa tisa kati ya kumi na moja.

Yaliyobaki mawili ni ya watu, na watu ndiyo sehemu yenye mitego.

Bibi, nyanya, mama, dada na shangazi ni majina ya watu yaliyovaa umbo la ngeli ya "i-/zi-". Vitenzi na sifa zao hufuata utu wao: bibi alikuja, bibi mpendwa, bibi huyu. Vimilikishi vinafuata umbo: bibi yetu, dada zangu. Ndiyo maana "bibi wetu" inakwaruza sikio, ingawa mantiki inaonekana kuitaka. Lakini ukitumia "-a" ya uhusiano, utu unarudi: mama wa watoto saba, bibi wa wajukuu ishirini na watatu, kama tunavyosema Baba wa Taifa. Kijana aliandika "mama ya watoto saba" kwa kufuata "mama yangu". Anafikiri vizuri, lugha ndiyo iliyompiga chenga.

Wa pili ni "vitukuu vyake". Kitukuu ni mtoto wa mjukuu, na ni mtu kama kijana na kiongozi walivyo watu: vitukuu wake, vitukuu wale. "Vyake" ingewafanya vitukuu kuwa vyombo vya kabatini.

Katika hesabu hiyo kuna shimo ambalo kwenye karatasi halionekani. Ameandika "wajukuu 23". Tarakimu haina ngeli, msomaji ndiye anayeitia ngeli akiwa amesimama, na asipojiandaa atasema "ishirini na tatu". Ni wajukuu ishirini na watatu. Moja hadi tano, pamoja na nane, hubadilika kufuata jina, hata zikija nyuma ya makumi. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, ndiyo maana watoto saba na vitukuu tisa hawakumsumbua. Nimemwagiza aandike kila hesabu kwa maneno katika nakala ya kusomea. Miaka 93 imekuwa "miaka tisini na mitatu".

"Upendo wake na huruma yake ilitufikia." Majina mawili ya ngeli mbili, upendo wa "u-" na huruma ya "i-", na kitenzi kimoja. Vitu vya ngeli tofauti vikiunganishwa na "na", njia ya kawaida ni "vi-": vilitufikia. Ni sahihi. Nimeisoma kwa sauti mara tatu na kila mara nimeona vifurushi vimeletwa mlangoni. Kwa hiyo sikusahihisha kitenzi, nimeyavunja majina. Alitupenda, akatuhurumia. Sasa Bibi ndiye anayetenda na hakuna ngeli ya kugombania. Nimepitia ukurasa mzima nikitafuta majina ya namna hiyo, ukarimu wake, uvumilivu wake, unyenyekevu wake, na karibu kila moja lilikuwa limeficha kitenzi na kisa. "Uvumilivu wake" ulikuwa umeficha usiku alioshona hadi taa ikazimika, akamalizia kwa kupapasa. Hicho ndicho tulichokiandika.

Mambo ya Mungu mwishoni: "amlaze roho yake mahali mwema". Anayelazwa ni roho, na roho ni "i-", kwa hiyo ailaze. Mahali huvuta "pa-", hivyo pema. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Akitaka "amlaze", basi roho itoke: amlaze mahali pema. Vyote viwili pamoja haviwezekani. Sala hii inasemwa kila mahali na kosa hili linasikika kila mahali.

Binamu yake amelalamika kwamba kwao wanasema nyanya, na "bibi" kwao ni mke. Ana haki yake. Tumekubaliana msomaji aseme "Bibi yetu, Nyanya yetu" mara moja mwanzoni, kisha aendelee na Bibi. Nikamwonya tu asiweke wingi. "Nyanya zetu wametulea" ni akina bibi, "nyanya zetu zimeiva" ni za bustanini, na kinachotenganisha ni silabi moja.

Jumatano, usiku

"Bibi huamka alfajiri."

Nimeiacha hadi sasa kwa sababu haina kosa la sarufi. "Hu-" haipokei kiambishi cha nafsi wala cha wakati, na kijana hakukitia, hata hakuitenganisha na kitenzi kama wengi wanavyofanya. Sentensi ni safi. Ila "hu-" ni ya tabia inayoendelea: jua huchomoza, mtoto hulia, Bibi huamka. Kesho ataamka tena.

Kiswahili kina njia mbili za kuirudisha tabia nyuma. Unaweza kusema "alikuwa huamka", ambapo "kuwa" unabeba wakati na "hu-" inabaki ilipo. Au "alikuwa akiamka". Nimechagua ya pili kwa kuwa inatamkika vyepesi, na inaweza kuendelezwa: alikuwa akiamka, akiwasha taa, akivuta kiti. Pamoja na hiyo nimebadilisha "Bibi hupenda kuimba", "Bibi huniita mwalimu" na mengine manne. Saba kwa jumla.

Leo mchana fundi alinipigia kuulizia kitambaa nikamwambia "Mama hapendi rangi hiyo". Hapendi ndiyo kanusho la hupenda. Nilikuwa nimeshakata simu nilipoisikia.

Alhamisi, asubuhi. Methali

Zilikuwa sita katika kurasa mbili, na zote zimetanguliwa na "kama wahenga walivyosema". Methali iliyowekwa mahali pake haihitaji mtu wa kuitambulisha. Nimefuta utambulisho wote kwanza, nikaziangalia zilivyobaki peke yake.

"Kufa kufaana." Nilimwuliza anaelewa nini. Akasema kufaana ni kusaidiana, basi watu wakifiwa wasaidiane. Neno kwa neno, kufaana ndiko huko. Lakini methali inatumika kwa maana kwamba kifo cha mmoja ni faida kwa mwingine: mmoja anazikwa, mwingine anarithi. Wanaosemwa kwa methali hii ni wale wanaochungulia sanduku kabla mwili haujatoka. Mjukuu akiitamka mbele ya wana saba wa marehemu, kila mmoja atageuka kumtazama mwenzake. Imeondoka.

Namna ya kuikagua methali usiyoizoea ni kumwuliza mtu mzima: hii huambiwa nani? Usiulize maana. Maana ya maneno utaipata mwenyewe, na itakudanganya kama ilivyomdanganya huyu. Methali nyingi zina mlengwa, na mlengwa mara nyingi ni mtu anayeonywa.

"Jungu kubwa haikosi ukoko" ilikuwa na makosa mawili juu ya uamuzi mmoja wa shaka. Jungu ni chungu kilichokuzwa, ngeli ya "li-", na methali inasema kuu, si kubwa: Jungu kuu halikosi ukoko. Maana yake inafaa, mtu mzima hakosi hekima. Lakini mama alikuwa mnene, na wajukuu wadogo watakuwa mstari wa mbele. Nikaitoa. Kijana alibisha kidogo kisha akacheka.

"Penye wazee haiharibiki neno." Kiambishi kimekosea kwa sababu jina limekuja nyuma ya kitenzi, na macho yake yalikuwa bado hayajalifikia. Neno ni "li-", popote lilipo: haliharibiki neno. Hii tumeibakiza, na tumeihamisha. Alikuwa ameiweka kwenye salamu. Sasa iko baada ya kisa cha wajomba wawili waliogombania mpaka, wakaitwa na mama wakae kitako mbele yake mpaka mmoja acheke. Ilimchukua karibu siku nzima. Inapofuata kisa hicho inamsifu yeye, na pia inawagusa wazee waliokaa pale bila kuwataja.

Ya mwisho ndiyo ya thamani. "Mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba." Kijana aliuliza ukigwa ni nini, akataka kuandika ukianguka. Kugwa ni kuanguka, kwa neno la zamani, na methali hii husikika kwa maneno yote mawili. Nimemshauri abaki na ukigwa kwa sababu ni fupi na inaanguka ghafla kama mti wenyewe. Sharti ni moja: alitamke neno hilo mara ishirini leo ili kesho asilikwepe.

Ona kwamba hapa "hu-" imebaki. Huyumba. Mti wowote mkuu, siku yoyote. Kwenye ukurasa huu "hu-" sasa ni ya methali peke yake.

Chini yake alikuwa ameandika "nasi tumeanguka pamoja nao". Methali haikusema hivyo. Uliogwa ni mti, ndege wanayumba. Akisema wameanguka anaivunja picha aliyoijenga sekunde mbili zilizopita, na anasema uongo pia, maana watoto wake mwenyewe wanamtegemea asimame. Tumeandika neno moja na jina.

Mbili nyingine zimeondoka bila majadiliano. Mojawapo ilikuwa ile ya siku ya kufa nyani. Sina la kuongeza.

Alhamisi, saa nne usiku. Rasimu ya tano

Maneno 446. Dakika nne na nusu alipoisoma kwenye simu, bila kulia. Kesho itakuwa tano au sita. Aya ya kwanza sasa:

"Wazee wetu, wazazi wetu, ndugu, jamaa na marafiki. Marehemu Bibi yetu, Nyanya yetu, aliyejaliwa miaka tisini na mitatu, ametutoka, nasi tumekuja kuagana naye. Maisha yake yalikuwa marefu. Yeye na Babu waliooana wakiwa vijana walijaliwa watoto saba, na leo wamesimama hapa wajukuu wake ishirini na watatu na vitukuu wake tisa. Alikuwa akiamka alfajiri kabla ya mtu yeyote, akiwasha taa, akivuta kiti, na tulipofumbua macho kitu cha kwanza tulichosikia ni cherehani. Mikono ile ilitushonea sare zetu zote. Alitupenda, akatuhurumia, na alipochoka hakutuambia. Mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Tunayumba, Bibi."

Mungu ailaze roho yake tumeipeleka mwisho kabisa, baada ya buriani.

Ameuliza kama aichape kwa herufi kubwa. Nimemwambia ndiyo, kurasa tatu, mistari iachane sana, na asikate sentensi mwishoni mwa ukurasa. Mtu akigeuza karatasi katikati ya "wajukuu wake ishirini na" hupoteza ngeli njiani.

Jumamosi

Amesoma vizuri. Ukigwa alilitamka lote, na mzee mmoja nyuma yangu aliguna kwa kuridhika. Watatu, mitatu, ailaze, pema: vyote vilikuwa mahali pake.

Kwenye alfajiri aliinua macho kutoka kwenye karatasi, nadhani alikuwa ameona mahali fulani, akasema, "Bibi huamka kabla ya mtu yeyote." Akaendelea, akiwasha taa, akivuta kiti. Kalamu ilikuwa mkobani. Sikuona mtu aliyegeuka.

Jioni kaka ameomba nakala ya kuwatumia ndugu ambao hawakuweza kufika. Nimemtumia rasimu ya tano kama ilivyochapwa, yenye "alikuwa akiamka".